Alama tupu, masahihisho kamili, maoni au namba: uandike nini kwenye karatasi ya kutoa ya darasa la nne?

Karatasi mbili ziko mbele yangu, zote za darasa la nne, zote zimepata 4 kati ya 8. Zoezi ni la kutoa. Maswali manne hayahitaji kukopa, na hayo wote wawili wameyapata. Manne yanahitaji kukopa, na hayo wote wawili wameyakosa. Ukiandika 4/8 juu ya kila karatasi na kuirudisha kwenye lundo, umesema kwamba watoto hawa wanafanana. Sasa tazama walichoandika kwenye yale manne waliyokosa:

| Swali | Jibu sahihi | Mtoto wa kwanza | Mtoto wa pili |
|---|---|---|---|
| La 3: 62 − 38 | 24 | 36 | 34 |
| La 5: 541 − 126 | 415 | 425 | 425 |
| La 6: 503 − 267 | 236 | 364 | 346 |
| La 7: 700 − 458 | 242 | 358 | 352 |

Mtoto wa kwanza hakopi kabisa. Akikuta namba ya juu ni ndogo, anageuza: 2 kutoa 8 haiwezekani, basi anafanya 8 kutoa 2, anapata 6. Amefanya hivyo kila mahali bila kuyumba, kwa hiyo hakuwa amesinzia. Ana kanuni yake, na kanuni yake inasema kubwa kutoa ndogo, popote zilipo.

Mtoto wa pili anajua kukopa. Kwenye 62 − 38 amekopa kumi, akapata 12, akatoa 8, akaandika 4. Hapo yuko sawa kabisa. Kisha akaenda kwenye makumi na kukuta ile 6 bado ni 6, kana kwamba hakuna aliyemkopa kitu. Akatoa 3, akaandika 3. Deni halijaandikwa popote.

Swali la 5 ndilo la kuchekesha. Wote wawili wameandika 425, kila mmoja kwa njia yake. Wakikaa dawati moja utawashuku kuibiana, na utakuwa umewaonea. Jibu hilo peke yake halikuambii mtoto ana tatizo gani. Itabidi upande hadi swali la 3 uone kama ameandika 36 au 34.

Kwa hiyo tunapolinganisha namna za kuandika kwenye karatasi iliyosahihishwa, mimi napima kwa watoto hawa wawili: je, kila mmoja akirudishiwa karatasi yake atajua afanye nini kesho ambacho leo hakukifanya? Kipimo changu cha pili ni saa. Darasa langu lina watoto 68.

Alama na neno moja

Hii tunaijua sote: vema, kosa, 4/8, na chini yake "Jitahidi". Kwa saa yangu ya mkononi inachukua kama sekunde 30 kwa karatasi, yaani dakika 34 kwa darasa zima. Hakuna namna nyingine inayoishinda kwa wepesi, na kwa jaribio la mwisho wa mwezi, ambapo unachotaka ni kujua darasa limefika wapi, inatosha.

Kwa zoezi la kila siku haitoshi, na shida kubwa iko kwenye neno lenyewe. "Jitahidi" maana yake hukujitahidi. Yule mtoto wa kwanza alijitahidi sana: mistari imenyooka, mamoja yako chini ya mamoja, hakuna hata swali moja aliloliacha wazi. Ukimwambia aongeze bidii ataongeza, naye kesho ataigeuza 2 na 8 kwa mwandiko mzuri zaidi. "Ongeza umakini" ni ndugu yake. Nimeliandika neno hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, hasa baada ya saa tisa alasiri, karatasi ya hamsini na kitu.

Sifa nayo haina nafuu sana ikiwa inamsifu mtoto badala ya kazi. "Wewe ni hodari" inafurahisha, lakini haina kitu cha kushika. Mtoto aliyeandikiwa hivyo leo akiandikiwa kosa sita wiki ijayo, aelewe nini? Kwamba uhodari umemtoka?

Masahihisho kamili ya mwalimu

Hapa mwalimu anafanya lile swali upya pembeni kwa kalamu nyekundu, hatua kwa hatua, na kuandika jibu sahihi. Inaonekana ndiyo kazi ya mwalimu mwenye huruma. Mzazi akiona daftari limejaa wekundu wa maelezo anaridhika.

Kwa karatasi yenye makosa manne mimi hutumia kama dakika 4. Watoto 68 wakiwa hivyo ni saa 4 na dakika 32, na hapo sijala. Lakini tuseme una darasa la watoto 20 na muda unao. Bado sikushauri, kwa sababu ya kinachotokea karatasi ikirudi. Mtoto anaambiwa "fanya masahihisho", anachukua daftari, ananakili 24, 415, 236, 242. Ananakili hata zile namba ndogo ulizoandika juu, bila kujua zimetoka wapi. Unapitia, yote vema, na wote wawili mmedanganyana kwa adabu.

Utajuaje kwamba amenakili tu? Mpe 51 − 27 papo hapo, mdomoni au kwenye kipande cha karatasi. Mtoto wa kwanza aliyenakili ataandika 36 vilevile. Aliyeelewa ataandika 24.

Kuna nafasi moja ambapo nayatumia: swali moja tu, la kwanza kukosewa, nalifanya kamili kama mfano kwa mtoto ambaye siku ya somo hakuwapo. Huyo huwezi kumuuliza maswali ya kumkumbusha kitu ambacho hajawahi kukisikia.

Maoni bila alama

Hapa huandiki 4/8. Unaandika sentensi chache zenye mambo matatu: alichokifanya sawasawa, jambo moja la kurekebisha, na maswali gani ayarudie. Kwa mtoto wa kwanza niliandika hivi:

"Umepanga namba vizuri, na yote yasiyo ya kukopa umepata. Tazama swali la 3. Juu una 2, unaambiwa utoe 8. Zinatosha? Kopa kumi moja kwa jirani. Rudia la 3 na la 5."

Na kwa wa pili:

"Umejua kukopa, hongera. Swali la 3 ulikopa kumi kutoka kwenye 6. Je, 6 bado ni 6? Ikate, andika iliyobaki juu yake. Rudia la 3 na la 5."

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo ufundi ulipo.

Kwanza, ile hongera ya mwanzo si mapambo. Mtoto wa pili ana hatua mbili kichwani, moja sahihi na moja imesahaulika. Akiona misalaba minne myekundu tu anaweza kuamua kwamba hata kukopa kwenyewe ni kosa, akaacha kukopa, akahamia kwenye kugeuza namba kama mwenzake. Nimeona hilo likitokea. Kwa hiyo sifa inataja kile hasa anachotakiwa asikiache. "Umejua kukopa" inafanya kazi hiyo, "kazi nzuri" haifanyi.

Pili, swali badala ya jibu. "Zinatosha?" inamrudisha mtoto kwenye ile 2 na ile 8 aziangalie mwenyewe. Ukiandika "12 − 8 = 4" umemnyang'anya kazi. Ila swali lisiwe fumbo. "Fikiri tena" au "Una uhakika?" ni maswali pia, lakini mtoto wa miaka tisa au kumi hajui afikiri tena nini. Swali zuri linamwonyesha mahali kwa kidole.

Tatu, nimemwambia arudie la 3 na la 5, sikugusa la 6 wala la 7. Haya mawili yana sifuri, na sifuri ni mlima mwingine. Mtoto aliyejifunza kukopa asubuhi akifika kwenye 503 − 267 atakuja mezani kwako: "Mwalimu, nikope wapi, jirani naye hana kitu?" Ni swali la haki. Jibu ni kwenda kwa jirani wa jirani: 5 ya mamia inatoa mia moja, inabaki 4. Mia hiyo ikifika kwenye makumi ni makumi 10. Hapo sasa makumi yanaweza kukopesha kumi moja, yanabaki 9, na mamoja yanakuwa 13. Ndipo 13 kutoa 7 ni 6, 9 kutoa 6 ni 3, 4 kutoa 2 ni 2, jibu 236. Hiyo ni hatua ya kesho kutwa. Ukiiandika pamoja na ya leo, karatasi inajaa na mtoto hafanyi hata moja. Nikikuta makosa ya aina mbili kwenye karatasi moja, naandika lile ambalo jingine linaliegemea, basi.

Nne, urefu. Maoni yale yana maneno kama 30 kila moja, na kwa darasa la nne hapo ndipo mwisho. Wapo watoto ambao kusoma kwao bado ni kwa kukwama. Ukiwaandikia aya nzima unawapa somo la kusoma ndani ya somo la hisabati. Hao huwa naandika "Njoo" na kuzungushia swali la 3, kisha nawaambia kwa mdomo. Wala usiandike "Nione", neno ambalo shuleni kwetu limekuwa na harufu ya fimbo.

Kwa nini bila alama? Ruth Butler, mtafiti wa Israeli, alichapisha mwaka 1988 jaribio ambalo walimu wengi wa ualimu hulitaja. Wanafunzi waligawanywa: kundi moja lilirudishiwa alama tu, jingine maoni tu, la tatu alama pamoja na maoni. Waliopata maoni tu ndio waliopanda na ndio waliobaki na hamu ya kazi. Wale wa alama pamoja na maoni, ambao ungedhani wamepata mema yote mawili, walifanana zaidi na wale wa alama tupu. Sababu unaweza kuiona darasani kwako bila mtafiti. Gawa karatasi zenye alama na maoni, kisha nyamaza uangalie. Macho yanakwenda juu kulia penye namba, kisha yanakwenda kwenye karatasi ya jirani. "Umepata ngapi?" Sentensi ulizoandika kwa dakika mbili hazijasomwa na mtu.

Sasa ubaya wake. Dakika 2 kwa karatasi, mara 68, ni saa 2 na dakika 16. Unaweza kufanya hivyo mara moja kwa wiki. Ukisema utafanya kila siku, ifikapo Alhamisi umerudi kwenye "Jitahidi".

Na kuna mzazi. Nilipoanza, mama mmoja alikuja shuleni na karatasi mkononi.

"Mwalimu, samahani, huyu hujamsahihishia?"

"Nimemsahihishia, mama. Maelezo haya hapa chini."

"Nimeyaona. Lakini kapata ngapi?"

Nilimwonyesha daftari langu la alama, ambamo kila alama imo. Nikamwomba amuulize mwanawe mbele yangu kwa nini ile 6 imekatwa ikaandikwa 5. Mtoto akaeleza, kwa sauti ndogo. Mama akaondoka, sijui kama aliridhika sana, ila hakurudi tena na swali hilo. Tangu hapo kwenye kikao cha wazazi nalisema mapema, na alama naiandika kwenye karatasi baada ya mtoto kurudia maswali, si kabla. Mwalimu mkuu na wathibiti ubora nao wakija wanakuta alama ziko, kwa hiyo jambo hili haliwi ugomvi.

Namba za kosa

Njia ya nne nimeishia nayo kwa sababu ya wingi wa watoto. Unapitia karatasi chache kwanza, kama kumi, uone makosa yanajirudia vipi. Kwenye kutoa kwa kukopa hayazidi aina tatu au nne. Unayaandika kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani, kisha kwenye karatasi ya mtoto unaandika namba tu pembeni mwa swali. Yangu inasomeka hivi:

1. Tazama namba ya juu. Inatosha? Kama haitoshi, kopa kwa jirani.
2. Umekopa vizuri. Uliyemkopa amebaki na ngapi? Andika juu yake.
3. Jirani ana sifuri. Nenda kwa jirani wa jirani.
4. Njia yako ni sahihi, umeteleza kidogo. Litafute kosa mwenyewe.

Sekunde 45 kwa karatasi, dakika 51 kwa darasa. Mtoto wa kwanza anapata 1 kwenye swali la 3, wa pili anapata 2. Tofauti yao, ambayo 4/8 iliificha, sasa inaonekana. Na ile namba 4 naipenda peke yake, kwa sababu mtoto aliyeteleza hahitaji kufundishwa. Anahitaji kutumwa kutafuta.

Inapungua wapi? Namba haina sauti ya mtu. Mtoto aliyevunjika moyo hapati kitu kwenye "2". Kwa hiyo kila siku nachagua karatasi nane ambazo juu ya namba naongeza sentensi moja ya mkono, na nazungusha ili ndani ya wiki mbili kila mtoto awe amepata yake. Upungufu wa pili ni mbaya zaidi: kosa lisiloingia kwenye orodha. Mwaka jana mtoto mmoja alikuwa akijumlisha kila swali la kutoa lililokuwa na sifuri. Nilimpa 3 siku mbili mfululizo kabla sijatulia kuangalia majibu yake. Namba zinakufanya uone makosa unayoyatarajia tu. Jibu lisiloeleweka limeletwa na nini, usilipe namba. Andika "Njoo unieleze".

Tena, manila na si ubao. Ubao unafutwa na mwalimu wa kipindi kinachofuata, na watoto wanabaki na namba zisizo na maana.

Ningechagua ipi

Darasa likiwa na watoto wasiozidi 30, andika maoni bila alama kwa zoezi moja la wiki na namba kwa mengine. Likizidi hapo, namba kila siku na zile sentensi nane za zamu. Alama tupu ziachie majaribio. Masahihisho kamili yaachie yule aliyekosa somo.

Ila hakuna hata moja kati ya hizi itakayofanya kazi kama karatasi zinarudishwa kengele ya kutoka ikilia. Dakika 10 za mwanzo wa kipindi kinachofuata ni za kurudia yale maswali mawili, mwalimu akipita katikati ya madawati. Somo jipya linasubiri. Nikiona azimio la kazi linanibana, napunguza maswali ya zoezi kutoka manane hadi matano, lakini dakika hizo siziuzi.

Baada ya hapo ubaoni naandika swali moja ambalo hawajaliona: 604 − 138. Nimelichagua kwa sababu linasema ukweli haraka. Nikikuta 534, bado anageuza namba, anahitaji 1. Nikikuta 576, anakopa bila kupunguza, anahitaji 2. Anayeandika 476 amesafiri mbali: amekwenda kwa jirani wa jirani, akapunguza 6 ikawa 5, ila makumi 10 yaliyofika katikati yamekopesha kumi na bado ameyahesabu 10 badala ya 9. Huyo mtoto wa pili wangu ndiye aliyeandika 476. Kwenye karatasi yake niliandika 2 tena, na mbele yake: "Safari hii mamia umeyapunguza vizuri. Makumi je?"